Kufunga komenti au kufuta moja moja: kipi kinakukinga, na wakati gani

Simu inatetemeka mfululizo. Posti uliyoiweka mchana, iliyokuwa na komenti kumi na mbili za pongezi, sasa ina mia moja na arobaini. Kila ukiifungua unakuta mtu usiyemjua amekutukana, mwingine kamuunga mkono, wa tatu kaweka namba yako ya simu. Mbele yako una njia mbili: kufunga komenti za posti nzima, au kuanza kufuta moja moja. Nimekaa na watu kadhaa usiku wa namna hiyo, nikiwashikia simu au nikiwaelekeza kwa sauti, na karibu wote waliumia mahali pamoja. Walijua kubonyeza, ila hawakujua kila kitufe kinaacha nini nyuma.

Kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi mbili kwa vipimo vinne vilevile. Cha kwanza ni kasi: hatari inaongezeka kwa haraka gani, na njia hii inaweza kuifikia? Cha pili ni kinachobaki: ukishabonyeza, nani bado anaona nini? Cha tatu ni ushahidi, yaani kama kesho utahitaji kuthibitisha ulichofanyiwa, utakuwa na kitu mkononi? Cha nne ni ugomvi wenyewe, kwa sababu watu waliokasirika hawatoweki ukibonyeza kitufe, huenda mahali. Kipimo cha pili na cha tatu ndivyo vinavyosahauliwa zaidi, na ndivyo nitakavyokaa navyo kwa muda.

Kufunga komenti za posti

Kwa kasi, hakuna kinachoishinda njia hii. Ziwe komenti ishirini au elfu mbili, kazi ni ileile ya sekunde chache. Instagram utaikuta kwenye vidoti vitatu vya posti, imeandikwa "Turn off commenting". YouTube iko kwenye mipangilio ya video, sehemu ya komenti. Kwenye makundi ya Facebook, admini anaweza kufunga komenti za posti iliyomo kundini. Ukurasa wako binafsi wa Facebook una njia ya kuzunguka kidogo: unachagua nani anaruhusiwa kutoa komenti kwenye posti ya wazi, yaani watu wote, marafiki, au wale tu uliowataja kwenye posti. Ukichagua hao uliowataja, na posti haikumtaja mtu, umeshafunga.

Kinachobaki ndipo watu wanapoteleza, maana neno "kufunga" lina maana mbili tofauti kutegemea uko wapi. Instagram ukifunga, komenti zote za zamani zinapotea machoni pa watu, nzuri na mbaya kwa pamoja. Hazijafutwa, zimefichwa. Siku utakayofungua zinarudi zote, pamoja na lile tusi na ile namba ya simu. Kwenye makundi ya Facebook mambo ni kinyume: mlango unafungwa kwa wanaokuja, lakini yaliyokwisha kuandikwa yanabaki ukutani kila mtu ayasome. YouTube inakupa yote mawili. Ukichagua "Off", komenti zinafichwa. Ukichagua "Pause", za zamani zinabaki na mpya haziingii.

Sasa fikiria mtu aliyewekewa anwani ya nyumbani kwake ndani ya kundi la Facebook, akafunga komenti, akalala akiamini kamaliza. Anwani ile imekaa pale usiku kucha. Tena kwa kuwa hakuna komenti mpya ya kuisukuma chini, imekaa palepale ilipo, inaonekana vizuri zaidi. Namna ya kujua ni rahisi: baada ya kufunga, muombe mtu unayemwamini aifungue posti ile kwa akaunti yake akwambie anachokiona. Usitegemee kioo cha simu yako mwenyewe, kwa sababu mwenye posti huonyeshwa vitu ambavyo wengine hawaonyeshwi.

Kuhusu ushahidi, kufunga ni njia ya upole. Haiharibu kitu. Kuna angalizo moja tu: pale ambapo kufunga kunaficha, nawe hutaziona komenti mpaka ufungue tena, na kufungua ni kuwaonyesha na wengine. Piga skrinshoti kabla ya kufunga.

Ugomvi nao huhama. Kufunga posti moja hakugusi posti zako nyingine thelathini, wala inboksi, wala ukurasa wa huyo aliyekukasirikia. Hakumzuii mtu kusambaza posti yako kwake na kuwakaribisha watu wakusemee huko. Dalili ya kwanza kwamba ugomvi umehama ni komenti ya ajabu kwenye picha yako ya miaka miwili iliyopita. Ukiiona, usiipuuze, wako wengine nyuma yake. Na kumbuka kwamba mlango uliofunga umewafungia pia wanaokutetea, na umekufungia wewe mwenyewe. Kama una maelezo ya kutoa, yaweke kwenye maandishi ya posti yenyewe, pale ambapo mtandao unaruhusu kuhariri, kwa sababu hayo hayafichwi.

Njia hii inamfaa mtu aliye peke yake dhidi ya wengi, asiye na mtu wa kumsaidia kusimamia, na anayehitaji kulala. Inamfaa pia mwenye posti isiyohitaji mazungumzo tangu mwanzo, kama tangazo la msiba au picha yenye sura ya mtoto. Huyo afunge kabla hajaposti, asisubiri.

Kufuta komenti moja moja

Kwa kasi, kufuta kunatosha tu pale ambapo vidole vyako vinakwenda haraka kuliko wanaoandika. Instagram iliruhusu mwaka 2020 kufuta hadi komenti 25 kwa mkupuo, na TikTok mwaka 2021 ikaruhusu hadi 100. Inasikika nyingi. Lakini posti yenye komenti mia sita mbaya Instagram itakutaka urudie mara ishirini na nne, ukichagua kwa jicho lililochoka, huku nyingine zikiingia juu. Komenti tano au kumi kutoka kwa watu wawili watatu ni kazi ya dakika moja. Shambulio la watu wengi ni maji yanayoingia kwenye mtumbwi uliotoboka, na kufuta ni kuyachota kwa kikombe.

Kwa kinachobaki, kufuta ni kukali na ni kwa uhakika. Komenti imeondoka kwa kila mtu, na aliyeiandika hapelekewi taarifa, ingawa akirudi kuitafuta ataona haipo. Ila kuna jambo linalowashtua watu: ukifuta komenti ya juu, majibu yote yaliyokuwa chini yake yanakwenda nayo. Rafiki yako aliyeandika aya tatu za kukutetea, kama aliziandika chini ya lile tusi, zimekwenda. Jibu lako la busara nalo limekwenda. Kabla ya kufuta, fungua majibu utazame kilichomo.

Si kila mahali utaruhusiwa kufuta ya mwingine. X, iliyokuwa Twitter, haikupi uwezo wa kufuta jibu la mtu. Unaweza kulificha tu, na anayetaka kuyaona yaliyofichwa anayo alama ya kubonyeza akayasoma. Kurasa za Facebook nazo zina kuficha pamoja na kufuta, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu watu huviona kama kitu kimoja. Komenti uliyoificha kwenye ukurasa wa Facebook bado inaonekana kwa aliyeiandika na kwa marafiki zake. Kwa tusi hiyo ni hekima nzuri: mtukanaji anadhani yuko jukwaani, kumbe wateja wako hawamuoni, na hana sababu ya kuja na akaunti nyingine. Kwa namba yako ya simu ni hatari tupu, kwa sababu marafiki zake ndio hasa watakaoipiga. Tusi lifiche, namba ifute.

Ushahidi ndio udhaifu mkubwa wa kufuta. Ukishafuta, huna cha kuonyesha, na mara nyingi huwezi tena kuiripoti komenti ile kwa mtandao kwa sababu haipo. Kwa hiyo mpangilio ni skrinshoti, kisha kuripoti, kisha kufuta. Na skrinshoti nzuri ina vitu vitatu ambavyo wengi hawavichukui. Kwanza, jina la akaunti lile linaloanza na alama ya @ au lililo kwenye anwani ya ukurasa wake, kwa sababu jina la kuonyesha na picha mtu hubadilisha kwa dakika. Ingia kwenye ukurasa wake upige picha ya pili. Pili, posti yenyewe ionekane, ili ijulikane maneno yale yaliandikwa chini ya nini. Tatu, tarehe. Mitandao mingi huandika "saa 3 zilizopita" au "wiki 2", na picha ya namna hiyo ikitazamwa baada ya miezi sita haisemi kitu. Ukiwa na kompyuta, Facebook huonyesha tarehe na saa kamili ukiweka kishale juu ya muda wa komenti bila kubonyeza. Ukibonyeza, unapata kiungo cha komenti ile peke yake. Kihifadhi pamoja na picha.

Na ugomvi? Kufuta tusi hakumshangazi mtu. Kufuta lalamiko ni kuongeza mafuta. Mtu aliyelalamika akikuta lalamiko lake halipo, kwake hiyo ni sababu ya pili ya kukasirika, na mara nyingi anayo skrinshoti. Wanaopita njia wataisoma kwa namna moja tu: anaficha. Ndiyo maana anayefuta anahitaji kanuni aliyoitangaza mapema, mstari mmoja tu: nafuta matusi na taarifa binafsi za watu, sifuti malalamiko. Kisha aifuate hata siku lalamiko linapouma.

Njia hii inamfaa mwenye biashara au kundi ambaye mazungumzo ndiyo uhai wake, mwenye muda au msaidizi wa kusimamia, na anayesumbuliwa na wachache wanaojulikana.

Usiku mmoja, kwa karibu

Dada mmoja anayeshona nguo kwa oda aliweka Instagram picha ya gauni alilolimaliza. Saa mbili usiku mteja mwingine akaandika chini yake kwamba gauni lake limechelewa siku nne na simu hazipokelewi. Lilikuwa lalamiko la kweli, lenye hasira lakini bila tusi. Dada akajibu vizuri chini ya komenti ile: fundi msaidizi aliugua, gauni liko tayari, atalipata kesho asubuhi. Dakika kumi baadaye, watu walipoanza kuongezea yao, akaingiwa na hofu akalifuta lalamiko. Jibu lake likaondoka nalo, na hilo hakuliona.

Mteja akarudi na skrinshoti, akaiweka kwake na kuandika kwamba anafutiwa. Kufika saa nne kulikuwa na komenti mia moja na arobaini. Mtu asiyehusika kabisa akaandika namba ya simu ya yule dada na jina la shule anayosoma mwanawe. Akaifuta papo hapo, kwa mikono inayotetemeka. Watu watatu wakaiandika upya. Akaanza kufuta kwa mafungu ya ishirini na tano, na katika haraka ile akafuta pia wateja wake wawili wa siku nyingi waliokuwa wanamtetea. Saa tano nikamwambia kwa simu afunge. Akafunga, zote zikapotea, na kwa mara ya kwanza tangu saa mbili akanywa maji.

Asubuhi ndipo hesabu ilipokuja. Posti zake za zamani zilikuwa na komenti mpya. Alitaka kumripoti aliyeweka jina la shule, akakumbuka picha ya akaunti ile na jina la kuonyesha tu, na jina lile alipolitafuta hakulipata tena. Hakuwa na skrinshoti hata moja. Aliyekuwa nayo ni mteja, tena ile iliyomuonyesha yeye akiwa kimya, kwa sababu ilipigwa kabla hajajibu.

Turudishe saa nyuma, tupange upya. Lalamiko linaachwa pale lilipo, na jibu lake chini yake. Instagram inaruhusu kubandika komenti chache juu, kwa hiyo lile lalamiko lenye jibu linaweza kubandikwa ili kila anayeingia alione kwanza. Watu wanapoanza kujaa, mstari mmoja unaongezwa kwenye maandishi ya posti: oda iliyochelewa imekamilika, mwenye nayo ataipata kesho. Namba na shule vinapotokea, dakika moja ya kwanza ni ya skrinshoti mbili, ya komenti na ya ukurasa wa aliyeiandika. Halafu kuripoti. Halafu kuifuta komenti ile, na ndipo kufunga.

Kwa nini kufuta kwanza na kufunga baadaye, ilhali kufunga kungeificha kwa vyovyote? Kwa sababu Instagram ingeificha tu, na siku ya kufungua ingerudi. Kama nakala zimeshakuwa nyingi kuliko unazoweza kuzifikia, funga mara moja, kisha siku ya pili au ya tatu fungua kwa muda saa ambazo watu wamelala, zitafute nakala, zipige picha, zifute, ufunge tena.

Jambo la mwisho kwenye mpango huo ni kichujio cha maneno. Instagram, TikTok, YouTube na kurasa za Facebook zote zina mahali pa kuandika maneno ambayo komenti ikiwa nayo haionyeshwi. Watu huandika matusi humo. Wewe andika namba yako ya simu. Iandike inavyoanza na sifuri, inavyoanza na namba ya nchi, bila nafasi, na ikiwa imegawanywa kwa nafasi kama watu wanavyoizoea. Andika jina la mtaa wako na jina la shule ya mtoto. Yule dada alifanya hivyo kabla ya kufungua tena, na nakala ya nne ya namba ile ilipoandikwa wiki iliyofuata, ilinaswa kabla mtu hajaisoma.

Komenti ya mwingine, kesi yako

Kuna ulinzi wa aina nyingine ambao wenye kurasa kubwa hawana budi kuufikiria, nao ni wa kisheria. Kesi mbili zinaonyesha kwamba swali la kufunga au kufuta linaweza kuwa na jibu tofauti kwa nchi tofauti.

Ufaransa, mwaka 2011, mwanasiasa Julien Sanchez aliandika kwenye ukuta wake wa Facebook kuhusu mpinzani wake, na watu wengine wakaweka chini yake komenti za chuki dhidi ya Waislamu. Aliandika tangazo la kuwaomba watu wachunge maneno, lakini komenti hakuzifuta. Alitozwa faini, na tarehe 15 Mei 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ikikaa kama Baraza Kuu, ikasema adhabu hiyo haikuvunja uhuru wake wa kujieleza. Kwa hali kama yake, kufunga kwa namna inayoacha za zamani zikionekana kusingemsaidia. Kilichotakiwa kilikuwa kufuta.

Australia, tarehe 8 Septemba 2021, Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua katika kesi ya kashfa iliyofunguliwa na Dylan Voller, aliyesemwa vibaya kwenye komenti za habari, kwamba vyombo vya habari vyenye kurasa za Facebook vilihesabika kuwa wachapishaji wa komenti za wasomaji wao, hata kama havikukusudia wala kujua kilichoandikwa. Kwa mantiki hiyo, kufuta asubuhi hakufuti kilichosomwa usiku, na wa salama zaidi ni yule aliyefunga tangu mwanzo kwenye habari inayochokoza. CNN ilifikia hatua ya kuzuia ukurasa wake wa Facebook usionekane nchini humo mwezi uleule. Baadaye baadhi ya majimbo yalibadili sheria zake za kashfa ili kuwapa wenye kurasa namna ya kujitetea, ila funzo kwa anayesimamia ukurasa mkubwa ni kwamba aulize sheria ya kwake inahesabu kuanzia lini: tangu komenti ilipoandikwa, au tangu alipoijua.

Wenye vyeo vya umma wana tatizo la upande wa pili. Marekani, tarehe 15 Machi 2024, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed kwamba ofisa aliyepewa mamlaka ya kusema kwa niaba ya serikali, akiyatumia mamlaka hayo kwenye ukurasa wake, anaweza kushtakiwa kwa kufuta komenti za raia au kumblok. Anayefuta ya mpinzani na kuacha ya shabiki anabagua maoni. Anayefunga kwa wote hambagui yeyote, na kwa ofisa wa namna hiyo kufunga mara nyingi ni njia yenye hatari ndogo.

Kwa hali uliyonayo

Ukiwa na mtukanaji mmoja au wawili, futa na umalizie kwa kuwablok. Kama unahofia kwamba kumblok kutamchochea aje na akaunti mpya, Instagram ina kitu kinachoitwa "Restrict": komenti zake anaziona yeye peke yake mpaka wewe uziruhusu. Kufunga posti nzima kwa ajili ya mtu mmoja ni kumpa uzito asiostahili, na wanaokutakia mema ndio watakaobaki nje.

Ukishambuliwa na kundi, yaani akaunti usizozijua zinaingia haraka kuliko unavyosoma, piga skrinshoti za zile mbaya kabisa, chache tu, kisha funga. Angalia posti zako tano za karibuni na uzifunge pia, kwa sababu ndizo zitakazofuata. Instagram unaweza badala yake kutumia "Limits", inayozuia kwa muda komenti za wasiokufuata na waliokufuata juzijuzi, na wateja wako wa zamani wakabaki na nafasi ya kuandika.

Namba, anwani, au taarifa za mtoto zikiwekwa, fuata mpangilio ule ule: skrinshoti, ripoti, futa, funga, kichujio. Kuficha kusihesabike kama kufuta.

Lalamiko la kweli la mteja, usilifute wala usifunge. Lijibu mahali pale pale lilipo, kwa tarehe na hatua unayochukua. Likishatatuliwa, muombe mteja mwenyewe aandike chini yake kwamba limeisha. Sijaona tangazo linalozidi hilo.

Matapeli wanaojifanya wewe, wale wanaowaandikia watu wako chini ya posti kwamba wameshinda zawadi wawasiliane kwa namba fulani, futa bila kusita, kila siku, baada ya kuwaripoti. Hapa anayelindwa ni msomaji wako, na kufunga komenti kunaweza hata kumsaidia tapeli, kwa sababu watu hawawezi tena kuonyana pale chini kwamba huyo si wewe. Tapeli naye, akiwa tayari ana majina ya waliokuwa wakiandika, atawafuata inboksi. Weka onyo kwenye maandishi ya posti, pamoja na jina kamili la akaunti yako ya kweli, herufi kwa herufi.

Na ukishafunga, weka siku ya kufungua. Saa sabini na mbili huwatosha wengi kuchoka. Fungua ukiwa umekaa chini, si barabarani, kichujio kikiwa tayari, na mtu mmoja wa kukusaidia kusoma. Komenti kumi za kwanza zitakuonyesha kama waliobaki ni wachache wa kufuta, au kama mlango urudishwe kwa siku nyingine tatu.